Utelezi wa Pinki Kwenye Kichanja cha Vyombo: Kwa Nini Unarudi, na Namna ya Kuukomesha

Karibuni tena jikoni. Leo nina kichanja cha vyombo hapa mbele yangu, kile cha waya uliovishwa plastiki, chenye trei ya kukinga maji chini na kikopo cha kusimamishia vijiko pembeni. Nina pia kichujio cha sinki na kisahani cha sabuni. Vyote vitatu vina ugonjwa mmoja: huu utelezi wa pinki. Unauosha leo, kunang'aa vizuri, na wiki haijaisha umesharudi palepale.

Sogeza kamera hapa kwenye kona ya trei. Karibu zaidi. Mnaona huu mstari wa pinki unaofuata ukingo? Hii si kutu, wala si rangi ya plastiki imechujuka. Ni viumbe hai. Mara nyingi ni bakteria anayeitwa Seratia masesensi, ambaye hujitengenezea rangi nyekundu mwenyewe, na wakati mwingine ni kuvu wa jamii ya hamira mwenye rangi ya pinki. Wanaingia na vumbi, na hewa, na maji, na mikono yetu. Kwa hiyo kuwazuia wasifike jikoni haiwezekani. Tunachoweza ni kuwanyima makao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Wale bakteria hawakai mmojammoja. Wanajitengenezea ute wa kunata, wanajifunika nao, halafu wanashikamana na plastiki. Huo ndio utando. Ukimwagia jiki juu yake, yaani ile klorini ya maji ya nyumbani, rangi inapotea upesi kwa sababu klorini inaipausha, na wale wa juu wanakufa. Lakini wa chini, walio ndani ya ute, wanabaki. Macho yanasema pamekuwa safi, kumbe utando upo, umekuwa mweupe tu. Ndiyo maana unarudi haraka hivyo: haukuwahi kuondoka.

Kwa hiyo katika video hii tunapima kwa kidole, si kwa macho. Pitisha kidole hivi. Pakiteleza, kuna utando, hata kama hakuna rangi yoyote. Pakikwaruza na kuacha unga mweupe, huo ni ukoga wa sabuni pamoja na chokaa ya maji. Pakiwa safi kweli, kidole kilicholowa kinakwama kidogo na plastiki inalia.

Tuanze. Ondoa vyombo, tenganisha kila kinachotenganishwa. Trei, kichanja, kikopo. Hilo mnaliweza, silielezi.

Ila kitu kimoja: miguu. Geuza kichanja juu chini. Hivi vifuniko vya mpira kwenye miguu vinatoka. Zungusha huku unavuta. Kimoja hiki kimeng'ang'ania... subirini kidogo... nimekilowesha kwa maji ya moto, sasa kinalegea. Haya! Oneni! Leta taa huku. Maji yaliyotoka humu ni ya pinki, na yananuka. Kifuniko kidogo hivi kilikuwa na maji ndani muda wote, gizani, pamoja na mabaki ya sabuni. Unaweza kusugua kichanja kizima ukakipaka na dawa, lakini usipovua hivi vifuniko, kila ukikiinua kinadondosha mbegu kwenye trei uliyoisafisha. Vua vifuniko. Vyote vinne.

Hatua ya kwanza ni kusugua, wala si dawa. Maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, sabuni ya maji ya vyombo, na mswaki mgumu. Mimi napenda mswaki wa meno uliochoka, kwa sababu kichwa chake kinaingia pale waya mmoja unapokutana na mwingine. Pale kwenye maungio ndipo kazi ilipo. Sugua, suuza, pima kwa kidole, sugua tena. Usitumie ile sponji unayooshea sahani, maana utauhamisha utando kutoka hapa kuupeleka kwenye vyombo.

Ngoja, kamera imeonyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona. Hapa chini plastiki imepasuka na waya ndani una kutu. Ufa wa namna hii mswaki haufiki. Kama ni mmoja, kausha kabisa halafu uzibe kwa gundi ya silikoni isiyopitisha maji, upande ambao sahani hazigusi. Kama nyufa ziko kila mahali, kichanja hicho kimekwisha, na hakuna dawa itakayokiokoa.

Hatua ya pili, ukoga. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta. Ikikutana na maji magumu, yale yenye madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, inaganda na kuwa ule ukoga mweupe usioyeyuka. Ule ukoga ni chakula kwa bakteria, na pia ni sehemu ya kujishikiza, kwa sababu umekwaruzika. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo hazigandi hivyo. Kwa hiyo kama unaoshea vyombo kwa sabuni ya kipande na maji yako ni magumu, kubadilisha sabuni peke yake kutakupunguzia kazi sana.

Kuutoa ukoga, chukua siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, loweka kitambaa, kifunike juu ya sehemu nyeupe kwa dakika kumi na tano, kisha sugua. Kama sinki lako au meza yako ni ya marumaru, fanyia kazi hii kwenye beseni, kwa sababu siki inaila marumaru.

Sasa simameni hapa. Nitalisema hili zaidi ya mara moja na msinichoke. Siki na jiki havikutani. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Suuza siki yote kwa maji mengi yanayotiririka. Suuza trei, suuza kichanja, suuza vifuniko vya mpira kwa ndani, suuza beseni, suuza na mswaki wenyewe. Kitambaa chenye siki kiweke mbali kabisa. Mimi ningependelea ufanye siki leo na jiki kesho, vyombo vikiwa vimeshakauka. Na jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa yenye amonia. Fungua dirisha.

Hatua ya tatu, jiki. Soma chupa: iwe ya kawaida, isiyo na manukato, yenye sodiamu haipokloraiti asilimia 5 hivi. Vijiko vinne vya chai, yaani mililita 20, kwa lita moja ya maji baridi. Maji ya moto yanaidhoofisha. Trei hii inameza lita tatu, kwa hiyo naweka mililita 60. Vaa glavu. Vifuniko vya mpira navitumbukiza humohumo kwenye trei, na kikopo cha vijiko pia. Kichanja chenyewe hakizami, kwa hiyo nakipaka kwa kitambaa na kurudia ili kisikauke. Dakika kumi, kisha suuza vizuri. Mchanganyiko uliobaki umwage, kwa sababu kesho utakuwa umepoteza nguvu.

Mmeona kwamba jiki imekuja mwisho? Ingetangulia, ingemalizia nguvu zake kwenye ute na mafuta.

Kichujio cha sinki ni rahisi zaidi kama ni cha chuma kitupu. Gonga uchafu utoke, sugua kwa pande zote mbili, hasa chini ya ule ukingo uliokunjwa, halafu kiweke kwenye bakuli la chuma na umimine maji yanayochemka. Kiache mpaka yapoe. Joto linatosha, na jiki sipendi kuiweka hapo kwa sababu ikikaa inakitoboa chuma kwa vitundu vidogovidogo. Cha plastiki au chenye mpira kisipate maji yanayochemka, kitapinda. Hicho kipitishe kwenye jiki kama trei.

Haya, tumesafisha. Sasa ndiyo tufike kwenye kuzuia, na hapa adui ni maji yaliyotuama. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yana kinga kidogo, lakini yakikaa wazi kwenye trei klorini inatoroka, na kinachobaki ni maji yenye chembe za chakula na sabuni.

Angalieni trei hii ikiwa mezani. Namimina kikombe cha maji... yanatakiwa kwenda kwenye mdomo wa kumwagia sinkini. Hayaendi. Yamekaa katikati. Trei iko sawasawa mno, au meza ndiyo imeinama upande mwingine. Naweka kipande cha mpira kigumu, unene wa sentimita moja hivi, chini ya ukingo wa nyuma. Namimina tena. Sasa yanakimbia. Subiri, kona hii ya kushoto imebaki na dimbwi. Nasogeza mpira kidogo kushoto... hapo. Yametoka yote.

Kikopo cha vijiko hakina matundu chini, na huyu ndiye mkaidi kuliko wote. Toboa matundu manne kwa msumari uliochomwa moto, ukiushika kwa koleo, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi wa plastiki. Lainisha kingo za matundu, maana ukiacha mikwaruzo, utando unajishika hapo.

Usiku vyombo vikishakauka, simamisha trei wima ikauke. Asubuhi iguse kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, bado kuna mahali maji yanakaa, tafuta ni wapi. Mara moja kwa wiki, sugua kwa maji ya moto na sabuni. Jiki usiifanye ya kila wiki. Iweke kwa siku utakayohisi utelezi.

Kisahani cha sabuni kinafuata kanuni ileile: kiwe na mifereji au matundu, na sabuni ikae juu ya matuta, isilale kwenye uji wake. Kama kipande ni kikubwa, kikate mara mbili utumie kwa zamu, ili kimoja kikauke wakati kingine kinatumika.

Na utelezi ukirudi, usome mahali unaporudia. Ukitokea mahali palepale pamoja tu, ujue kuna utando uliobaki hapo, kwenye ungio au ndani ya ufa, basi urudie kusugua. Ukitokea kila mahali kwa pamoja, tatizo ni kutokukauka, basi urudie kuinamisha trei na kupima kwa karatasi. Kama nyumbani kuna mgonjwa mwenye kinga dhaifu, usisubiri rangi ionekane, kwa sababu bakteria huyu anaweza kumletea maambukizi. Na wenye lenzi za machoni, vikopo vyake msivianike kamwe kwenye kichanja hiki.

Sasa navirudisha vifuniko vya miguu. Vikavu kwanza, ndani na nje. Hiki bado kina tone ndani, nakitikisa, nakiacha juani. Kichanja kitasimama bila kiatu mpaka jioni.