Tabaka nne na fundi wa sakafu: mhadhara kuhusu barabara za Roma

Asanteni kwa kuja. Mchoro huu niliouchora ubaoni mtaukuta katika vitabu vingi vinavyozungumzia Roma. Chini kabisa kuna mawe makubwa, juu yake kifusi kilichokorogwa na chokaa, kisha zege laini la vigae vilivyopondwa, na juu ya vyote mawe bapa yaliyopangwa. Tabaka nne, kila moja na jina lake la Kilatini. Ni mchoro mzuri, na leo nimekuja kuuharibu.

Hakuna mwongozo wa Kirumi wa kujenga barabara uliotufikia. Mwaka 1622 mwanasheria wa mji wa Reims huko Ufaransa, Nikolas Berjie, alichapisha kitabu kinene juu ya barabara za Roma. Alihitaji maneno ya kuelezea tabaka, akayachukua kwa Vitruvio, msanifu majengo wa zama za Kaisari Augusto. Tatizo ni kwamba pale Vitruvio alikuwa anaeleza sakafu za nyumba! Tangu hapo sakafu ya sebuleni ikawa barabara ya jeshi. Wanaakiolojia wakichimba, mara nyingi hawakuti tabaka nne, na chokaa ni nadra.

Basi walijengaje? Shahidi wetu bora, ajabu, ni mshairi. Mwaka 95 Kaisari Domisiano alikamilisha barabara ya pwani iliyochepuka kutoka barabara kuu ya Via Apia pale Sinuesa na kushuka hadi Puteoli, karibu na Napoli ya leo. Kabla ya hapo magari ya kukokotwa yalizama mchangani. Stasio, ambaye tungemwita mghani wa ikulu, akatunga shairi la kuisifu. Anadai kwamba safari iliyokuwa ikila siku nzima sasa haimalizi saa mbili. Hapo mpunguzieni kidogo, maana alikuwa anamsifu mkubwa. Lakini mpangilio wa kazi anaoutaja unaaminika, kwa sababu mtu asiyewahi kuona mafundi kazini asingeubuni.

Kazi ya kwanza, anasema, ni kuchimba mifereji miwili sambamba ya kuonyesha kingo. Kisha udongo wa katikati unaondolewa, unashuka chini sana. Shimo linajazwa kitu kingine ili kuandaa kitanda, ardhi isije ikadidimia chini ya mawe ya juu. Halafu mawe ya ukingo yanabana pande zote mbili, na vigingi vingi vinakaza. Wakati huohuo wengine wanakata miti, wengine wanakausha madimbwi, wengine wanageuza vijito. Idadi ya tabaka hakuitaja.

Hakuitaja kwa sababu idadi haikuwa hoja. Hoja ilikuwa maji. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unalegea, gurudumu likipita jiwe linazama, na mvua inayofuata inatuama palepale jiwe lilipozama. Kwa hiyo unauondoa udongo ule na kuleta kitu kisichoshika maji: mawe makubwa chini, madogo juu yake, changarawe mwisho, huku ukishindilia. Katikati unapainua kama mgongo wa samaki ili maji yateremke pembeni, na pembeni unaweka mtaro. Penye mwamba hakukuwa na tabaka lolote. Waliuchonga mwamba wenyewe. Penye kinamasi walitanguliza magogo. Barabara moja ingeweza kuwa na tabaka mbili asubuhi na tano jioni, kutegemea ardhi iliyoipitia.

Hata mawe bapa ya juu, yale ya kwenye picha za watalii, hayakuwa kila mahali. Via Apia yenyewe, iliyoanzishwa na Apio Klaudio mwaka 312 KK kutoka Roma hadi Kapua, ilitandikwa mawe kidogo kidogo baadaye. Mwanahistoria Livio anaandika kwamba mwaka 174 KK maafisa wa Roma walitoa kandarasi: mitaa ya ndani ya mji itandikwe mawe, barabara za nje ziwekwe changarawe na kujengewa kingo. Farasi asiye na kiatu cha chuma hulipenda changarawe kuliko jiwe. Nani alaumu?

Dalili ya barabara inayokufa haikuwa juu ya mawe bali pembeni. Mtaro ukiziba, maji hurudi chini ya kitanda, mawe ya ukingo yanalala, na ya katikati yanaachana. Anayeitunza lazima ajue ni wapi hasa pameharibika. Hapo ndipo tunafika kwenye nguzo za maili.

Maili ya Kirumi ni hatua elfu moja, zikihesabiwa kwa mguu uleule unaporudi chini, yaani karibu kilomita moja na nusu. Gayo Grako, mwanasiasa wa Roma, katika miaka ya 123 na 122 KK, alipima barabara na kuweka nguzo kila maili. Mwaka 20 KK Augusto akasimamisha nguzo iliyoitwa ya dhahabu katikati ya Roma, ingawa nguzo nyingi za mikoani zilihesabu kutoka mji wa karibu, si kutoka Roma.

Mfano ninaoupenda si nguzo bali kibao cha jiwe kilichopatikana Pola, kusini mwa Italia. Jina la afisa aliyekiweka limepotea, ila maneno yake yapo: nimejenga barabara kutoka Regio hadi Kapua, na humo nimeweka madaraja yote, nguzo za maili na wapeleka barua. Kisha anahesabu: kutoka hapa hadi Kapua maili 84, hadi Regio 237, jumla 321. Jumlisheni wenyewe, hesabu inakubali. Angalieni pia kwamba anawataja wapeleka barua pamoja na madaraja. Kwake ni kazi moja.

Augusto aliwapanga kwanza vijana kwa vituo, barua ikipokezanwa mkono kwa mkono. Baadaye akabadili: magari na wanyama ndio wabadilishwe, mtu abaki yuleyule hadi mwisho, ili aliyeleta barua aweze kuulizwa maswali. Kwa hiyo vikahitajika vituo vya kubadilisha wanyama, na mbali zaidi nyumba za kulala. Msafiri mmoja Mkristo aliyetoka Bordo kwenda Yerusalemu mwaka 333 aliviorodhesha njia nzima: kubadilisha, kubadilisha, kulala. Mjumbe wa kawaida alikwenda kama maili 50 kwa siku. Tiberio, aliyekuja kuwa Kaisari baada ya Augusto, akimkimbilia nduguye aliyekuwa mahututi mwaka 9 KK, alikwenda maili 200 kwa mchana na usiku mmoja.

Wanyama hao hawakuwa wa kila mtu. Ilitakiwa hati ya Kaisari. Plinio, gavana wa Bithinia, alimpa mkewe hati hiyo alipofiwa na babu yake, kisha akamwandikia Kaisari Trayano kujieleza. Gavana mzima, anaomba radhi kwa ajili ya nyumbu wa mkewe! Trayano alimkubalia.

Na nyumbu walitoka wapi? Kwa wenyeji. Kule Sagalaso, katika Uturuki ya leo, limepatikana tangazo la gavana wa mwanzoni mwa utawala wa Tiberio. Mji utatoa magari 10 na nyumbu idadi hiyohiyo, kwa malipo. Seneta atapewa magari hadi 10, akida wa askari mia gari moja au nyumbu watatu, na wakipendelea punda, ni wawili kwa kila nyumbu, kila punda kwa nusu bei. Anayesafirisha nafaka kwa faida yake asipewe chochote. Tangazo limechongwa kwa Kilatini na kwa Kigiriki: lugha ya mpandaji na lugha ya mwenye nyumbu.