Orodha ya Wadhamini: kwa nini vipande vya mfumo wa simu vinasasishwa kupitia dukani

Mabibi na mabwana, karibuni. Wengi wenu mmewahi kufungua Mipangilio, mkaingia upande wa usalama, mkakuta mistari miwili yenye tarehe mbili tofauti. Mmoja unataja sasisho la usalama la Android, mwingine unataja sasisho la mfumo wa Google Play. Leo nazungumzia huo wa pili. Unahusu moduli, yaani vipande vya mfumo vinavyosasishwa kupitia duka la Google Play. Badala ya kuwapitisha kwenye moduli zote, nitashika moja tu na kuikamua: moduli inayoitwa Conscrypt, na hasa orodha ya vyeti iliyohamishiwa ndani yake.

Tuanze na orodha yenyewe. Simu inapofungua tovuti kwa njia salama, tovuti inatoa cheti chake. Cheti hicho kimetiwa saini na cheti kingine, na hicho nacho na kingine, hadi tufike kwenye cheti cha mzizi. Cheti cha mzizi hakina wa kukidhamini. Simu inakiamini kwa sababu moja tu: kimo kwenye orodha iliyokuja nayo. Orodha hiyo ina vyeti mia na kitu, na kila kimoja ni faili dogo. Kwa miaka mingi mafaili hayo yalikaa hapa:

```
/system/etc/security/cacerts
```

Tatizo liko kwenye neno la kwanza la njia hiyo, `system`. Kizigeu cha mfumo, yaani sehemu ya hifadhi iliyotengewa mfumo, husomwa tu, hakiandikwi. Simu inaposoma sehemu yoyote yake, hulinganisha kilichosomwa na alama za uhakiki zilizotiwa saini na mtengenezaji. Ukibadilisha hata baiti moja, hesabu haikubali tena. Ulinzi huo ni mzuri, ila una gharama yake: ili kuongeza cheti kimoja chenye ukubwa wa kilobaiti chache, mtengenezaji analazimika kutoa sasisho la simu nzima. Hilo linaanzia kwa Google, linapita kwa mtengenezaji wa chipu, linafika kwa kampuni ya simu yenyewe, na mara nyingine mtandao wa simu nao unataka kulipima kabla ya kuliruhusu. Kazi hiyo inarudiwa kwa kila modeli. Ndiyo maana baada ya miaka michache modeli huachwa, na orodha yake ya wadhamini inaganda pale ilipofikia.

Kilichotokea kwa Let's Encrypt kinaonyesha maana ya kuganda huko. Ni taasisi inayotoa vyeti bure, na tovuti nyingi sana zinavitumia. Mzizi wake, ISRG Root X1, ulitengenezwa mwaka 2015 na ukaingia kwenye Android toleo la 7.1.1, mwishoni mwa 2016. Kwa kuwa mzizi mpya haujulikani na simu za zamani, taasisi iliazima udhamini: IdenTrust, taasisi nyingine ya vyeti ambayo mzizi wake ulikuwa tayari kwenye simu zote, ilivitia saini vyeti vya Let's Encrypt vinavyokaa kati ya mzizi na tovuti. Mzizi huo wa IdenTrust ulikuwa unaisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021.

Novemba 2020 Let's Encrypt wakatangaza hesabu: asilimia 33.8 ya simu za Android zilikuwa bado chini ya toleo 7.1.1. Theluthi ya simu za Android, miaka minne baada ya cheti kuingizwa kwenye mfumo, zingeanza kuonyesha maonyo kwenye tovuti zisizo na kosa lolote. Ushauri wao kwa wenye simu hizo ulikuwa wasakinishe Firefox. Kivinjari hicho hubeba orodha yake chenyewe na hupata masasisho kutoka dukani. Ukitazama vizuri, ushauri huo unamwambia mtu aukwepe mfumo wa simu yake.

Baadaye likapatikana suluhisho la ajabu kidogo. Android haiangalii tarehe ya mwisho ya cheti cha mzizi kilichomo kwenye orodha yake. Kwa hiyo IdenTrust wakatia saini upya kwa miaka mitatu, kwa kutumia mzizi ambao wenyewe ungekuwa umekwisha muda, na simu za zamani zikakubali. Mwaka 2023, Let's Encrypt walipotangaza kwamba mpango huo ungefungwa 2024, simu zilizoujua mzizi mpya zilikuwa asilimia 93.9. Kilichopandisha idadi hiyo kwa sehemu kubwa ni watu kununua simu mpya. Faili dogo kiasi hicho liliwafikia watumiaji kwa kubadilisha vifaa vyao! Nikiwa fundi wa programu, hilo bado linanikera.

Kuongeza cheti kunaweza kusubiri, lakini kukiondoa hakusubiri. Novemba 2022 Mozilla na Microsoft waliamua kuacha kukiamini chombo cha vyeti kilichoitwa TrustCor. Mzizi usioaminika tena ukibaki kwenye simu, mwenye ufunguo wake anaweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote na simu ikakubali bila onyo. Kwenye simu yenye orodha iliyoganda, mtumiaji mwenyewe anaweza kuuzima mzizi huo ndani ya mipangilio, lakini ni wangapi wanajua ukurasa huo upo?

Sasa tuje kwenye ufundi. Mwaka 2019, pamoja na Android 10, Google walianzisha mradi unaoitwa Mainline. Wazo lake ni kukata baadhi ya sehemu za mfumo ziwe moduli zinazoweza kubadilishwa kupitia duka. Moduli nyingine ni programu za kawaida, na hizo hazina fumbo. Nyingine haziwezi kuwa programu za kawaida, kwa sababu zinahitajika mapema sana simu inapowaka, kabla ya sehemu inayosimamia programu haijaamka. Kwa hizo walibuni aina mpya ya faili, APEX.

Ndani ya faili la APEX kuna picha kamili ya mfumo mdogo wa mafaili, wenye alama zake za uhakiki na saini yake. Haifunguliwi na kutawanywa. Inaunganishwa nzima ilivyo, isomwe tu, kama kizigeu kidogo kinachojitegemea. Nakala ya kiwandani inakaa `/system/apex`. Duka likileta mpya, inahifadhiwa upande wa data ya mtumiaji, `/data/apex`, na inangoja. Hapo hakuna kilichobadilika bado, ndiyo maana simu inakuomba uiwashe upya.

Inapowaka, programu iitwayo `apexd` huamka mapema na kulinganisha nakala mbili. Inakagua kwamba mpya imetiwa saini kwa ufunguo uleule wa nakala ya kiwandani, kisha inachagua yenye namba ya toleo kubwa zaidi na kuiunganisha chini ya `/apex`. Programu zote zinazohitaji maktaba hiyo huitafuta hapo, wala hazijui ilitoka upande gani. Nakala ya kiwandani haiguswi, kwa hiyo uhakiki wa kizigeu cha mfumo unabaki mzima. Gharama yake ni nafasi, maana nakala mbili za kitu kimoja zinakaa kwenye simu.

Conscrypt ilikuwemo tangu Android 10, ila wakati huo ilibeba msimbo wa mawasiliano salama tu. Orodha ya vyeti ilibaki palepale kwenye kizigeu cha mfumo. Ni Android 14, mwaka 2023, iliyoihamishia ndani ya moduli. Mwenye simu ya toleo hilo au jipya zaidi, na kebo ya kuunganisha na kompyuta, anaweza kutazama mwenyewe:

```
adb shell "ls /apex/com.android.conscrypt/cacerts | wc -l"
adb shell pm list packages --apex-only --show-versioncode
```

Amri ya kwanza inahesabu vyeti. Ya pili inaorodhesha moduli pamoja na namba za matoleo. Msishangae mkikuta jina `com.google.android.conscrypt` kwenye orodha hiyo ilhali folda ina jina lisilo na `google`. Hilo la kwanza ni jina la kifurushi kilichotiwa saini na Google, na folda inatumia jina la jumla. Namba hizo ndizo za kuziamini zaidi. Tarehe mnayoiona kwenye Mipangilio ni ya furushi zima la moduli, haiwaambii kama Conscrypt yenyewe imebadilika.

Je, moduli mpya ikiwa mbovu? Kabla ya kuijaribu, simu huweka alama kwenye hifadhi ya data, mahali pa kurudi. Ikishindwa kuwaka, inarudi kwenye alama hiyo na nakala mpya inatupwa. Lakini kipimo hicho kinauliza zaidi kama simu imewaka. Januari 2024 sasisho la mfumo la Google Play liliwaacha baadhi ya wenye simu za Pixel wakishindwa kufikia hifadhi ya ndani, kamera na picha zikiwa haziendi. Ndiyo hatari ya njia hii: kasi inayosambaza tiba ndiyo inayosambaza kosa, na mtumiaji wa kawaida hana kitufe cha kurudi nyuma.

Mnauliza watengenezaji wanapata nini. Wanaondolewa mzigo. Kasoro kwenye moduli inarekebishwa mara moja na Google kwa modeli zote, badala ya kila kampuni kujenga na kupima upya. Na wanaotengeneza programu wanakuta sehemu hiyo ikifanya kazi kwa namna moja kila mahali. Kinachotolewa kwa upande wa pili ni mamlaka. Moduli imetiwa saini kwa ufunguo wa Google, kwa hiyo mwenye kiwanda hawezi kuibadilisha ndani, wala kuamua peke yake mdhamini gani aingie. Mimi naona kwa orodha ya vyeti biashara hiyo inafaa. Kwa sehemu nyingine nina mashaka, na sidhani ni sahihi kuzipima zote kwa kipimo kimoja.

Kuna pia mambo ambayo njia hii haiyafikii. Kerneli, viendeshi vya chipu na programu ya modemu bado vinasubiri sasisho la simu nzima. Simu isiyo na duka la Google inabaki na nakala ya kiwandani hadi mtengenezaji wake alete nyingine. Na simu iliyosimama kwenye Android 13 haitapata orodha hii mpya, hata kama moduli yake ya Conscrypt inasasishwa, kwa sababu mfumo wake bado unaisoma orodha ya zamani.

Nimeona mkono huko nyuma. Ndugu yetu anauliza: nikirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, moduli zilizosasishwa zinabaki?

Hazibaki. Kurudisha kiwandani kunafuta upande wa data, na nakala mpya zilikuwa huko. Simu inaamka na orodha iliyokuja nayo au iliyoletwa na sasisho la mwisho la simu nzima, pamoja na mizizi iliyokwisha kuondolewa baadaye. Kwa hiyo ukimaliza kuiandaa, nenda kwenye ule mstari wa pili, bonyeza utafute sasisho, ngoja lishuke, kisha uiwashe upya. Mara nyingine itabidi urudie, maana baada ya kuwaka huenda kukawa na jingine linalosubiri.