Daraja la ndotoni: kuikuza picha moja bila kuitoroka

Jamani habari za jioni, karibuni, hata nyie mliosimama nyuma sogeeni kuna viti huku mbele. Naanza moja kwa moja maana muda wenyewe mfupi.

Jung, yule daktari wa Uswisi aliyechambua sana ndoto, alikuwa anasimulia habari ya mwenzake mmoja aliyesafiri Urusi kwa treni. Kule kwenye behewa kuna tangazo limeandikwa kwa herufi za Kirusi, jamaa hajui kusoma hata moja, akaanza kuziangalia tu na kuacha mawazo yaende, hii inanikumbusha hiki, hiki kinanikumbusha kile, mwisho wa siku akajikuta amefika kwenye mambo yake yote mazito ambayo alikuwa hataki kuyafikiria. Jung akasikia ile habari akasema sawa, sasa kama tangazo la treni linaweza kukufikisha kwenye matatizo yako basi ndoto ya nini? Ukianzia popote na kuacha mawazo yatiririke kama Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, alivyofundisha utafika kwenye vidonda vyako, hilo hamna ubishi, ila hutajua ndoto yenyewe ilikuwa inasema nini, kwa sababu umeiacha zamani, umeshakwenda mbali nayo kilomita kadhaa.

Hapo ndo ilipotoka hii kitu tunayoita amplifikesheni. Badala ya kwenda mbele kwa mnyororo, picha hii mpaka ile mpaka nyingine, unabaki na picha moja unaizunguka, unarudi, unaizunguka tena, kila mzunguko unaongeza kitu juu ya ileile. Kwenye mihadhara yake ya London mwaka 1935, pale kliniki ya Tavistock, Jung alisema yeye anafanya kama mtaalamu wa lugha za kale, akikutana na neno asilolijua haanzi kubuni, anatafuta sehemu nyingine zote neno hilo lilipotumika, akiziweka pamoja maana inaanza kujitokeza. Neno letu la leo ni daraja.

Nina ndoto moja hapa. Nimeichanganya kutoka kwa watu zaidi ya mmoja na mambo nimeyabadilisha, kwa hiyo msihangaike kutafuta ni nani. Tuseme ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, anaishi Dar, fundi umeme, mke na watoto, kaka yake mkubwa alifariki mwaka uliopita na nyumba ya marehemu kule Tanga ilikuwa haijaisha, sasa yeye ndo anaimalizia. Ndoto anaisimulia hivi:

"Nimefika mtoni, mto mpana kama Pangani. Kuna daraja jipya la zege, zuri, pana, ila limefika katikati tu, pale mwisho nondo zimechomoza hewani. Mafundi hamna hata mmoja. Natembea juu yake. Pembeni mama mmoja anauza chai, ananiangalia ananiambia, wewe mbona ukipita unapiga kelele hivyo? Naangalia miguu yangu, nimevaa ndala. Nikaamka."

Basi. Ndoto fupi. Mtu aliyesoma vitabu viwili vitatu vya saikolojia akisikia daraja tu anaruka, aah, daraja ni mpito, unatoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine. Sio uongo, lakini haisaidii chochote, maana ungeweza kumwambia mtu yeyote duniani na angekubali. Daraja la mpito halina nondo zilizochomoza, halina mama muuza chai. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na mimi ndo naiona kubwa kuliko zote, unakuza hili daraja, sio daraja.

Na kabla hujagusa hadithi yoyote ya Wagiriki au ya nani unaanza na mwotaji mwenyewe. Jung alikuwa na swali zuri, alikuwa anamwambia mtu, chukulia mimi sijawahi kusikia meza ya mbao ni kitu gani, nieleze, nipe na historia yake mpaka nielewe. Kwa hiyo unamuuliza fundi wetu, daraja ni nini? Anasema ni kitu cha kupitia bila kulowa, halafu anakumbuka zamani Kigamboni walikuwa wanasubiri pantoni tu, daraja lilipofunguliwa 2016 kaka yake ndo alimpeleka kulivuka mara ya kwanza, wakashuka wakapiga picha. Unarudi, nondo je? Anasema nondo zikiachwa wazi zinakula kutu, mwenye nyumba akiacha nondo hivyo ujue hela imekata. Ndala? Anacheka, mimi saiti siendi na ndala, ni hatari. Yule mama? Hamjui. Ile kelele? Kimya kidogo, halafu anasema, debe tupu haliachi kuvuma.

Ona sasa, methali imetoka kwake mwenyewe, sikumpa mimi. Hii ndo ngazi ya pili, mambo ya jamii yake, na mara nyingi inakuja yenyewe bila kuitwa. Akaongeza pia, kwetu sisi daraja ni Sirati, ile nyembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga. Hapo mchambuzi mwenye haraka angeshika hiyo Sirati akakaa nayo saa nzima, imebeba uzito wa dini, inapendeza. Lakini rudi kwenye picha. Daraja lake ni pana. Kwenye Sirati, na hata kwenye daraja la Chinvat la Wazoroasta wa Uajemi ya kale ambalo linakuwa pana kwa mwema na jembamba kama makali ya kisu kwa mwovu, shida ni wembamba, na mwisho wake upo, unafika au unaanguka. Hapa upana upo, mwisho ndo hamna. Kwa hiyo sambamba hii, yaani hadithi ya kwingine inayofanana na picha yake, unaiweka pembeni kwa heshima. Ila nayo imetufundisha kitu, kwamba ndoto haionekani kumhukumu huyu bwana kuwa mwema au mwovu, inamwonesha kazi ambayo haijaisha.

Sasa ndo tunaingia mbali, na mnaona tunaingia kwa kushika vitu viwili vilivyobaki bila jibu, kelele na daraja lisiloisha.

Kelele. Kwenye Edda ya Snorri Sturluson, kitabu cha hadithi za miungu ya kaskazini ya Ulaya kilichoandikwa Aisilandi mwanzoni mwa karne ya 13, mungu Baldr amekufa na ndugu yake Hermóðr anapanda farasi kwenda kuzimu kumwomba arudishwe. Anasafiri usiku tisa kwenye mabonde ya giza mpaka anafika daraja la mto Gjöll, limeezekwa dhahabu inayong'aa, na mlinzi wake ni mwanamke, Móðguðr. Yule mwanamke anamuuliza jina na ukoo, halafu anamwambia jana vikosi vitano vya wafu vimepita hapa, lakini daraja halikuvuma chini yao zaidi ya linavyovuma chini yako wewe peke yako, na wewe huna rangi ya watu waliokufa. Mimi nikiisoma sehemu hiyo huwa nasimama. Mwanamke kwenye daraja, ndugu anamfuata ndugu aliyekufa, na kelele ya miguu ndo inayomsaliti kwamba yuko hai.

Angalia tulipofika. Fundi mwenyewe alisema kelele ni utupu, debe tupu. Hadithi ya kaskazini inasema kelele ni uzito wa mtu hai mahali pa wafu. Zinagongana, na hutakiwi kuchagua haraka, unaziacha zote mbili mezani. Nilipomsimulia ile ya Hermóðr, kifupi tu, kama dakika mbili, sikumwambia "kwa hiyo wewe ndo Hermóðr", hapana, hilo ni kosa baya. Unasimulia unanyamaza. Akasema, mimi tangu kaka afe nalala na simu yake, yaani naichaji kila siku.

Halafu lile daraja lisiloisha. Wagiriki wana wimbo wa daraja la Arta, mafundi 45 na wanafunzi 60 wanajenga mchana, usiku linaanguka, mpaka ndege mwenye sauti ya mtu anawaambia halitasimama bila kumzika ndani ya ukuta mke wa fundi mkuu. Wanamwita kwa uongo kwamba pete imeanguka chini, akashuke aitafute. Na kule Uswisi kwenye korongo la Schöllenen wanasema shetani alijenga daraja kwa sharti la kupewa roho ya kwanza itakayovuka, wanakijiji wakamtanguliza mbuzi. Zote mbili zinauliza swali moja, daraja hili linalipwa na nani? Nilipofika kwenye mke wa fundi mkuu huyu bwana alibadilika uso. Hela ya nyumba ya Tanga ilikuwa inatoka kwenye VICOBA vya mkewe, na mkewe alikuwa hajaambiwa ni kiasi gani.

Mnaniuliza nimejuaje kwamba hii ndo yenyewe na sio mimi nimembambikia? Swali la haki kabisa, maana madaraja yako kila nchi na ukitafuta sambamba utaipata tu, hata kwa ndoto ya sufuria. Ishara ninazoziangalia ni hizi. Mtu akisema "mm, inavutia sana" na kuanza kukuuliza Wagiriki walikuwa na miungu mingapi, umempoteza, amekimbilia kichwani na wewe ndo umempa njia. Lakini akitoa jambo jipya la maisha yake, tena la aibu kidogo, ambalo hukulijua na hukuliuliza, kama ile simu, kama ile hela, hapo picha imeguswa. Na bado unasubiri ndoto zinazofuata, kama umekosea zinakuja na kukusahihisha, mara nyingi kwa kurudia picha ileile kwa ukali zaidi.

Na sio kila ndoto inahitaji haya. Jung alipokaa Mlima Elgon mwishoni mwa 1925, akihangaika na Kiswahili chake cha kamusi ndogo, wenyeji walimwambia kuna ndoto ndogo za kila mtu na kuna ndoto kubwa. Ukiota umechelewa daladala, muulize mtu jana alichelewa wapi, yatosha, usimletee Hermóðr. Na mtu ambaye tayari anashindwa kutofautisha ndoto na mchana, anayesikia sauti, usimuongezee hadithi za miungu hata kidogo, huyo anahitaji daktari, usingizi na mtu wa kukaa naye, maana picha kwake zimeshafurika na wewe unafungulia bomba.

Kuna dada pale alinyoosha mkono tangu mwanzo. Anauliza, naweza kujifanyia mwenyewe nyumbani? Unaweza dada yangu, kiasi. Andika ndoto kwa maneno yaleyale uliyoamka nayo, usiipambe. Chini yake, kwa kila kitu, andika cha kwako kwanza, kumbukumbu, mtu, mahali, methali iliyokujia, na usifungue kitabu wala gugo kabla ya kesho yake, kwa sababu ukishasoma maana ya daraja ya watu wengine ya kwako haitoki tena. Tatizo lako litakuwa moja, utachagua sambamba zinazokusifia. Fundi wetu angekuwa peke yake angekaa na Hermóðr shujaa anayemfuata kaka yake kuzimu, na ile ya mke kuzikwa ukutani angeipita haraka sana.

Mwingine? Haya, kaka mwenye shati la bluu, malizia wewe.