Ujumbe Unaokwama Ugenini

Ndugu zangu, karibuni. Leo tuufuate ujumbe mmoja tu, tangu kidole kinapobonyeza kitufe cha kutuma mpaka pale unapokwama.

Mwenye simu yuko nje ya nchi yake. Juu ya kioo anaona jina la mtandao wa wenyeji na mawimbi yamejaa. Akipiga simu, inaita. Akituma ujumbe, unabaki palepale na alama nyekundu. Wengi wetu hapo hukimbilia kuwasha Data Roaming. Anajaribu tena, alama ni ileile, na safari hii salio nalo linayeyuka, maana programu zote zilizokuwa zimelala zimeamka na kuanza kupakua.

Kuwasha data hakukusaidia kitu kwa sababu SMS ya kawaida haitumii bando la data. Inapita kwenye njia ya ishara, ileile ambayo simu huitumia kujitambulisha kwa mtandao. Kinachotakiwa ni laini yako iwe imefunguliwa huduma ya romingi na kampuni ya nyumbani, na iwe na salio la kulipia. Kama kioo kinaandika Emergency calls only au No Service, hapo ndipo pa kuuliza kuhusu romingi yenyewe. Lakini huyu wetu simu yake inapiga, kwa hiyo twende mbele.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui ni kwamba ujumbe wako hurudi nyumbani kwanza. Mtandao wa wenyeji haumtafuti mpokeaji. Unaukabidhi ujumbe kwa kituo cha ujumbe cha kampuni yako, huko ulikotoka, na kituo hicho ndicho kinachomtafuta mtu wako. Hata kama mpokeaji mmeketi naye meza moja, ujumbe utakwenda nyumbani na kurudi.

Kituo hicho kina anwani, na anwani hiyo ni namba ya simu iliyohifadhiwa kwenye laini. Simu huibandika kwenye kila ujumbe unaotoka. Namba hiyo inatakiwa ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi yako. Ikiwa imeandikwa kwa sifuri ya mwanzo, unaweza kutumia simu nyumbani miaka mingi bila kuona kasoro, kwa kuwa mtandao wako unaielewa. Ukivuka mpaka, mtambo wa wenyeji unaisoma sifuri ile kama namba ya kwao, haukioni kituo chochote, unaukataa ujumbe. Dalili yake ni hii: simu zinapigika, ujumbe wa watu unaingia, ila wako hautoki kwenda kwa yeyote. Unaoingia hauiulizi simu yako anwani ya kituo, ndiyo maana unapita.

Kuikagua namba hiyo, fungua sehemu ya kupigia simu uandike mstari wa kwanza ukiwa na iPhone, kisha upige. Kwa Android andika wa pili, ingia Phone information, shuka hadi SMSC, bonyeza Refresh.

```
*#5005*7672#
*#*#4636#*#*
```

Kwenye Android mara nyingi namba hutokea ndani ya alama za kunukuu, ikifuatwa na 145 au 129. Hiyo 145 inaiambia mitambo kwamba namba ni ya kimataifa. 129 haisemi ni ya wapi. Ukiona 129 na sifuri mbele, mwizi wako umemshika. Omba namba sahihi kutoka kwa kampuni yako. Usichukue ya rafiki mwenye laini ya kampuni nyingine. Kwenye iPhone unaiandika hivi, ukiweka namba yenyewe mahali pa neno NAMBA, kisha unapiga:

```
**5005*7672*+NAMBA#
```

Baadhi ya watengenezaji wa simu za Android wamefunga ukurasa huo. Basi hamishia laini kwenye simu nyingine kwa muda, rekebisha huko, uirudishe.

Kituo kikiwa sawa, tazama namba ya mpokeaji. Mwenyeji amekuandikia namba yake kwenye karatasi, inaanza na sifuri. Ukiipiga inaita, maana simu ya sauti huunganishwa na mtandao wa pale ulipo. Ukiitumia SMS inashindikana, maana kinachoisoma ni kituo cha nyumbani, nacho kinadhani ni namba ya kwenu. Mbaya zaidi, inaweza kumfikia mtu usiyemjua. Hifadhi majina yote kwa mfumo wa kimataifa, hata ya watu wa nyumbani.

Sasa ipo hali ambayo data ina neno. Ukiambatisha picha, au ukiwaandikia watu kadhaa kwenye kundi moja, simu inaweza kuugeuza ujumbe kuwa MMS bila kukuuliza, na MMS haitoki bila data ya laini hiyo. Waifai ya hoteli kwa kawaida haitoshi. Pia kuna iMessage na RCS, ambazo zinafanana na SMS kwa sura lakini zinapita kwenye intaneti. Kwenye iPhone, washa Send as Text Message ndani ya mipangilio ya Messages ili intaneti ikikosekana simu ijaribu SMS. Rangi inakueleza: buluu ni iMessage, kijani si iMessage.

Nimalizie na mkanganyiko wa laini mbili, maana huu unawatesa wengi. Msafiri ana laini ya nyumbani, kisha amenunua eSIM ya safari. Nyingi ya hizo eSIM ni za data peke yake, hazina uwezo wa SMS. Simu inapouliza laini ipi iwe ya kawaida, yeye anachagua mpya kwa kila kitu, na kuanzia hapo kila SMS inagonga ukuta. Fungua orodha ya laini kwenye mipangilio. Laini ya nyumbani iwe ya sauti na SMS, na Data Roaming yake izimwe. Ile eSIM iwe ya data, na Data Roaming yake iwashwe. Hapo watu hushtuka, lakini eSIM hizo kwa kawaida zimetolewa na kampuni ya nchi nyingine, nazo ziko ugenini kama wewe. Kwenye iPhone zima pia Allow Cellular Data Switching, isije simu ikarukia data ya laini ya nyumbani.

Ukishabadilisha, washa hali ya ndege kwa nusu dakika, izime, usubiri jina la mtandao lirudi. Kisha fanya jaribio kwa ujumbe mfupi usio na emoji, kwa mtu mmoja. Emoji si pambo tu hapa. Ujumbe wa herufi 150 za kawaida ni SMS moja, kwani kikomo ni 160. Ukitia emoji moja, kikomo kinashuka hadi 70, na ukikatwa vipande kila kimoja kinabeba 67 tu. Herufi zako 150 zimekuwa SMS tatu, kila moja kwa bei ya romingi, na salio likiisha katikati kipande cha mwisho hakitoki.

Jaribio likishindwa, piga huduma kwa wateja wa kampuni yako ukiwa na vitu vitatu mkononi: saa uliyotuma, jina la mtandao wa wenyeji kama linavyosomeka kwenye kioo, na namba ya kituo uliyoiona.