Kuanza na Ukurasa wa Mwisho: Kufupisha Hukumu Iliyoskaniwa

Ndugu wanafunzi, leo tuna mbele yetu hukumu moja tu, ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Nakala yake ni picha ya karatasi zilizopigwa chapa. Kabla ya kufupisha chochote, hesabuni kurasa, kisha nendeni moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu huko ndiko iliko amri, na amri ndiyo itakayowaonyesha ni ukweli upi wa kesi unaostahili kubaki.

Amri ile ina pande mbili. Rufaa ya Ephrahim, mpwa wa Bi. Pastory, ilikataliwa, na mauzo ya shamba la ukoo aliyoyafanya bibi huyo yakabaki halali. Hata hivyo mpwa alipewa miezi sita kulikomboa shamba kwa kumlipa mnunuzi shilingi 300,000, la sivyo libaki mali ya mnunuzi. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba mwanamke alishinda ameacha nusu ya uamuzi.

Sasa rudini mwanzo. Bi. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alishtaki katika Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Bei iingie katika maelezo ya ukweli, kwa kuwa ukombozi unaitegemea. Programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha hudondosha sifuri kwa urahisi, basi linganisheni tarakimu ya mwanzoni na ile ya kwenye amri, na zikitofautiana, itazameni picha yenyewe. Fanyeni vivyo hivyo kwa namba za ibara na kwa kila neno la kukanusha.

Hoja bishaniwa iandikwe kama swali la ngazi ya rufaa: je, mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, ilhali kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamruhusu kuitumia tu?

Penye sababu ndipo wengi hupotea, kwa kuwa jaji husimulia kwanza hoja za wengine, na katika picha iliyofifia hakuna alama inayotenganisha sauti yake na zao. Ulizeni kila aya: kama ikiondolewa, amri itasimama? Mikataba ya kimataifa aliyoitaja inaitia nguvu hoja yake, lakini mhimili ni ibara ya 13(4) ya Katiba inayokataza ubaguzi, pamoja na kifungu cha 5(1) cha sheria ya mpito ya mwaka 1984, kinachoitaka mahakama izisome sheria zilizokuwapo kwa marekebisho yanayozipatanisha na Katiba. Kwa njia hiyo hakuifuta haki ya ukoo ya kukomboa. Aliweka sharti lilelile kwa muuzaji mwanamume na mwanamke, na hapo ndipo miezi sita ya ukurasa wa mwisho ilipotoka.