Jinsi ya Kuhifadhi Bajeti ya Mwezi Kama Kiolezo Katika Excel

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutachukua bajeti ya nyumbani ambayo tayari imejazwa, tuigeuze kuwa kiolezo, ili kila mwezi mpya uanze na jedwali safi lenye fomula zake zote. Ninatumia Excel ya Windows, na faili lililo mbele yenu ni bajeti ya Juni 2025 ya familia inayoishi Dar es Salaam.

Tazameni kwanza mpangilio wake. Mwezi umeandikwa katika seli B2, salio lililotoka Mei liko B3, na mapato yako B4. Vifungu vya matumizi, yaani kodi ya nyumba, luku, maji, chakula, nauli na vinginevyo, vinaanzia mstari wa 6 hadi wa 20: makadirio yako safu B, matumizi halisi safu C, na tofauti safu D. Fomula zinazofanya kazi ni hizi, ya kwanza ikiwa imerudiwa katika kila mstari hadi D20:

```
D6:   =B6-C6
C21:  =SUM(C6:C20)
B23:  =B3+B4-C21
```

Kabla ya kufuta chochote, bonyezeni F12. Katika sehemu ya Save as type chagueni Excel Template (*.xltx), kisha mlipe faili jina la Bajeti ya Mwezi. Mtaona kwamba Excel imehamia yenyewe kwenye folda ya Custom Office Templates. Iacheni hapo hapo. Nimeanza na hatua hii kwa makusudi, kwa sababu kuanzia sasa tunafanya kazi ndani ya kiolezo, na hesabu za Juni zimebaki salama katika faili lake la awali.

Sasa tukague fomula. Chagueni D6 hadi D20, bonyezeni Ctrl+G, bofyeni Special, chagueni Constants, kisha OK. Ujumbe wa No cells were found ni habari njema, maana yake hakuna mahali ambapo mtu ameandika tarakimu juu ya fomula. Hapa kwetu, hata hivyo, Excel imeikamata D9: mtu aliandika 15000 kwa mkono, na seli hiyo ingeendelea kuonyesha 15000 kila mwezi, hata maji yangegharimu kiasi gani. Ninakokota fomula ya D8 hadi D9, na kasoro imekwisha.

Baada ya hapo tunafuta matumizi. Chagueni C6 hadi C20 pekee, bila kugusa C21 yenye jumla, kisha mbonyeze Delete. Wapo wanaopenda kutumia tena Constants katika hatua hii, jambo ambalo si baya, ila mkumbuke kwamba mkiwa mmechagua seli moja tu, Excel itatafuta katika ukurasa mzima, na makadirio yenu pamoja na majina ya vifungu yatafutika kwa pigo moja. Futeni pia B2, B3 na B4. Makadirio mimi ninayaacha, kwa kuwa kodi na nauli hazibadiliki sana.

Kuhusu salio, wengi hushawishika kuliunganisha moja kwa moja na faili la mwezi uliopita. Ndani ya kiolezo msifanye hivyo, kwa sababu fomula ya namna hiyo hubeba jina la faili la Juni, na hata mkifungua bajeti ya Novemba itaendelea kusoma Juni. Juni ilianza na 85,000, ikapokea 900,000, ikatumia 862,000. Kwa hiyo B23 yake inasoma 123,000, na hiyo ndiyo tarakimu mtakayoiandika kwa mkono katika B3 ya Julai.

Hifadhini kwa Ctrl+S, mfunge faili, kisha mjaribu: File, New, Personal, Bajeti ya Mwezi. Ikiwa Personal haionekani, nendeni File, Options, Save, mkaandike njia ya folda ile katika Default personal templates location.

Someni jina lililo juu kabisa ya dirisha. Likiwa Bajeti ya Mwezi1, hiyo ni nakala mpya, na mnaweza kuijaza na kuihifadhi kama Bajeti 2025-07. Mwaka ukiendelea, mafaili yatajipanga kwa mfuatano wa miezi. Likiwa halina tarakimu hiyo ya mwisho, yaelekea mmefungua kiolezo chenyewe kupitia File, Open; kifungeni bila kuhifadhi. Njia hiyo ya Open itumieni pale tu mnapotaka kubadili mpangilio, kwa mfano kuongeza kifungu cha ada ya shule. Katika hali hiyo ingizeni mstari mpya kati ya wa 6 na wa 20, si chini ya wa 20, ili SUM iuhesabu, kisha mkokote fomula ya safu D hadi kwenye mstari huo. Miezi mliyokwisha kuihifadhi haitaguswa na badiliko hilo.