Simu mbili, jedwali moja: hesabu ya stoo bila mtandao

Ndugu zangu, nimeombwa nieleze jinsi ya kuhesabu mali ya stoo kwa simu pale ambapo hakuna mtandao, kisha kuziingiza hesabu hizo kwenye jedwali kuu. Kuhesabu kwenyewe hakuna shida. Kasheshe iko kwenye kuunganisha, kwa hiyo nitakaa hapo.

Chukueni bidhaa moja, B0417. Ipo rafu ya mbele na chumba cha nyuma. Mwenye simu A anahesabu mbele, anapata 48. Mwenye simu B anahesabu nyuma, anapata 120. Kama kila mmoja ana nakala ya jedwali na anaandika kwenye seli ileile, simu zikipata mtandao itakayotuma mwisho itafuta ya mwenzake. Mtabaki na 48 au 120, wala jedwali halitalalamika.

Ndiyo maana mtu wa stoo asiguse jumla. Aandike mistari tu, kila hesabu na mstari wake:

```
namba,bidhaa,mahali,idadi,muda
A-001,B0417,mbele,48,10:20
```

Mwenzake anaanza na B-001. Faili zikifika, mistari yote inabandikwa chini ya mingine kwenye ukurasa mmoja, tuuite Hesabu. Ukurasa wa jumla, wenye msimbo wa bidhaa kwenye A2, unajumlisha wenyewe:

```
=SUMIFS(Hesabu!D:D,Hesabu!B:B,A2)
```

Jibu ni 168. (Ile herufi B mbele ya msimbo ina kazi: 0417 tupu ikifunguliwa kutoka faili la CSV, mara nyingi hugeuka 417.)

Sasa, faili la A likibandikwa mara mbili, jambo ambalo hutokea sana, jumla inakuwa 216. Hapo ndipo safu ya namba inapotusaidia: agiza jedwali lifute marudio kwa kuangalia safu hiyo peke yake, na A-001 ya pili inaondoka. Namba hizohizo zinafichua pia kilichopotea. Kama mstari wa mwisho wa A ni A-212 na mistari yake iliyofika ni 211, kuna mmoja umebaki njiani.

Je, mhesabuji akigundua kwamba mbele zilikuwa 46? Asirekebishe A-001 iliyokwisha kutumwa. Akiibadili na kuituma tena, jedwali litaiona kama marudio na kubaki na ile 48 ya kwanza. Aongeze mstari mpya wa B0417 wenye idadi -2. Jumla itashuka hadi 166.

Muda nao si pambo. Mzigo ukitoka stoo saa tano wakati rafu ilihesabiwa saa nne na dakika ishirini, hesabu iliupata ukiwa bado ndani. Linganisheni na salio la leja la saa ileile ya kuhesabu, si la jioni, la sivyo mtamtafuta mwizi ambaye hayupo.